Feni ya jikoni: Pima ujazo wa chumba kabla hujanunua

Ukienda dukani kununua feni ya kutoa moshi, muuzaji atakuuliza unataka inchi ngapi. Inchi zinakusaidia kujua tundu la ukutani tu. Cha kujua kwanza ni chumba chako kinabeba hewa kiasi gani.

Chukua tepu, upime urefu, upana na kimo kwa mita, kisha uzidishe. Tuseme jikoni kwako ni mita 3 kwa 2.5, na kimo hadi dari ni mita 2.8. Hapo unapata mita za ujazo 21. Kama hakuna dari na bati limeinama, pima kimo upande wa juu na upande wa chini, ujumlishe halafu ugawe kwa 2. Makabati madogo usihangaike kuyatoa.

Sasa, hewa hiyo ibadilishwe mara ngapi kwa saa? Kwa jikoni, mafundi wengi huanzia mara 15. Zidisha 21 kwa 15, utapata 315. Hiyo ndiyo kazi ya feni yako: m³/h 315. Boksi likiwa limeandikwa CFM, zidisha namba yake kwa 1.7. Feni ya CFM 100 inatoa 170 tu, yaani mara 8 kwa saa. Ya CFM 200 inatoa 340, hiyo inatosha.

Pangaboi usiliweke kwenye hesabu hii. Linazungusha hewa ile ile, moshi unabaki ndani.

Mara 15 kwa saa maana yake ni mara moja kila dakika 4. Lakini usidhani dakika 4 zikipita moshi umeisha. Hewa safi inaingia huku ikichanganyika na chafu, kwa hiyo baada ya mzunguko mmoja zaidi ya theluthi ya moshi bado ipo. Baada ya mizunguko mitatu, dakika 12 hivi, inabaki kama asilimia 5. Ndiyo maana usizime feni mara tu unapoepua sufuria.

Wengi hukosea kwenye njia ya kuingizia hewa. Feni haiwezi kutoa kisichoingia. Kwa m³/h 315 unahitaji uwazi wa kama sentimita 30 kwa 30, upande wa pili wa chumba. Upenyo wa chini ya mlango hautoshi kabisa. Washa feni, kisha ufungue mlango: ukiwa mzito kama umevutwa, hewa haiingii vya kutosha. Bomba refu lenye kona nalo linapunguza nguvu, maana namba ya boksi kwa kawaida hupimwa feni ikiwa haijaunganishwa na bomba.

Na kama unatumia mkaa, dirisha libaki wazi hata feni ikiwaka. Gesi ya sumu ya mkaa haina harufu, na umeme ukikatika feni inasimama huku mkaa unaendelea kuwaka.