Mangungo na Hukumu ya Kileo

Sentensi hii niliikuta kwenye insha ya mwanafunzi wa kidato cha tano, na tangu hapo nimekutana na ndugu zake wengi: "Mwaka 1884, baada ya Mkutano wa Berlin, Chifu Mangungo kwa ujinga wake aliiuza Tanganyika kwa Wajerumani." Mwandiko safi, sarufi haina doa. Zamani ningeipa alama na kuendelea. Sasa sentensi kama hiyo hunichukua nusu saa, kwa sababu imebeba makosa ya aina mbili, na kwa muda mrefu nilikosa majina ya Kiswahili ya kuyatenganisha.

Kosa la kwanza ni kukipachika kitu katika wakati ambao hakikuwapo. Tafsiri iliyozoeleka ya jina lake la kigeni ni "jambo lililopitwa na wakati", na hiyo inatufikisha nusu ya safari tu. Taipureta juu ya meza ya karani wa leo imepitwa na wakati, sawa. Lakini Tanganyika ya mwaka 1884 haijapitwa na wakati hata kidogo; wakati wenyewe haujaifikia. Ziwa lilikuwapo na jina lake, ila nchi yenye jina hilo ilitangazwa na Waingereza mwaka 1920, baada ya Mjerumani kushindwa vita. Tunahitaji neno linalobeba pande zote mbili, cha jana kilichochelewa na cha kesho kilichotangulia. Mimi natumia "mvurugo wa nyakati". Wapo wanaopendelea kulikopa neno la kigeni na kuandika "anakronia", na sigombani nao, mradi mwanafunzi aelewe kuwa si suala la ukuukuu.

Kosa la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa kalenda pekee haitoshi kulinasa. Ni kumpima mtu wa kale kwa yale tunayoyajua, tunayoyataka na tunayoyaona haki sisi leo, kana kwamba naye alikuwa nayo mkononi akayatupa. Neno "usasa" lingefaa, lakini wahakiki wa fasihi walishalichukua zamani kwa maana nyingine. Niliwahi kujaribu "hukumu ya kileo" ubaoni, darasa zima likaangua kicheko: hakimu amelewa! Basi nikabaki na "uleo", neno fupi lililoundwa kama ujamaa na uzalendo. Msahihishaji mmoja wa maandishi aliwahi kunigeuzia likawa "ulevi". Nimemsamehe, hasa kwa kuwa pombe nayo imo katika hadithi hii.

Turudi kwenye sentensi. Mkataba wa Mangungo na Karl Peters huko Msowero, katika Usagara ya wakati ule na wilaya ya Kilosa ya sasa, una tarehe ya 29 Novemba 1884. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Peters alitia mguu Unguja mapema Novemba, kabla wakubwa wa Berlin hawajakaa mezani. Kwa hiyo hakuja "baada ya" mkutano, wala mkutano haukumtuma. Huu ni mvurugo wa nyakati wa wazi kabisa, na dawa yake ni kuziandika tarehe mbili kando ya karatasi kabla ya kuandika neno "baada".

Neno "Wajerumani" nalo linahitaji kuchokonolewa. Peters hakuja na barua ya serikali. Alikuja kwa niaba ya chama cha watu binafsi kilichotaka makoloni, na alipofika Unguja aliarifiwa kuwa dola la Ujerumani halitamkinga. Hati ya ulinzi ya Kaisari ilitoka tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, wakati Peters amesharudi kwao na mikataba mfukoni. Mwanafunzi anapoandika kuwa Mangungo alikabiliana na Ujerumani, anauona mwisho wa mchezo na kuurudisha mwanzoni. Aliyesimama mbele ya Mangungo alikuwa kijana wa miaka 28 mwenye wenzake wachache, wapagazi, mkalimani na zawadi.

Hapo ndipo mvurugo wa nyakati unapouzaa uleo. Sisi tunajua Maji Maji, tunajua kodi ya nyumba na kilimo cha lazima cha pamba. Tukimtazama Mangungo akiweka alama yake, tunayaona yote hayo nyuma ya mgongo wake na kujiuliza kwa nini hakugeuka. Hakugeuka kwa sababu hayakuwapo.

Basi alikuwa anaona nini? Hapa nawataka wanafunzi waende polepole, kwani hatuna neno hata moja lililoandikwa na Mangungo mwenyewe. Tulicho nacho ni karatasi ya Kijerumani na masimulizi ya Peters, ambaye alijisifu kwa mbinu zake bila haya: kupiga kambi karibu na mwenyeji, kunywa naye, kumpa zawadi, kuchanjiana naye damu, kisha karatasi, bendera na milio ya bunduki. Karatasi inamwita Mangungo "Sultani", cheo kilichomfaa zaidi Peters kuliko mwenye cheo. Mtu wa kukabidhi nchi ni lazima kwanza afanywe mwenye nchi.

Zipange hatua zile kwa macho ya mwenyeji. Katika njia za misafara, kuchanjiana lilikuwa jambo linalojulikana: mgeni anakuwa ndugu, ana haki ya kulindwa na ana wajibu wa kulinda. Kwa mzee wa mji, ndugu mwenye bunduki alikuwa na thamani yake. Ardhi nayo haikuwa kiwanja chenye hati. Mkuu angeweza kumpa mgeni mahali pa kukaa na kulima. Kuikabidhi nchi moja kwa moja, pamoja na watu na kodi zake, kwa chama kilichoko ng'ambo ya bahari ni wazo ambalo karatasi ya Peters ililibeba kwa lugha ambayo mwenyeji hakuijua. Sisemi najua Mangungo aliwaza nini. Nasema kitenzi "aliuza" kinadai makubaliano ambayo ushahidi wetu hauwezi kuyathibitisha, na mwandishi wa insha anapaswa kulipa deni la kila kitenzi anachokitumia.

Na "ujinga"? Peters alirudi na mikataba kama 12 aliyoikusanya kwa muda wa wiki chache tu, Usagara na maeneo ya jirani. Ukishalijua hilo, mjinga mmoja wa Msowero anapotea. Wakuu kadhaa waliokaa mbalimbali, wenye hali tofauti, walifanya karibu jambo lilelile. Ama wote walikuwa wajinga, ama tendo lile lilikuwa na maana kwao ambayo sisi hatuioni tena. Mwanahistoria huanzia hapo penye ama ya pili.

Najua jina la Mangungo lina kazi nyingine nchini. Mjadala wa mikataba ya madini ulipopamba moto, "mkataba wa Mangungo" ilikuwa kauli ya kila kijiwe, na kila mtu aliielewa: umesaini usichokisoma. Kama tamathali ya siasa, sina ugomvi nayo. Tatizo ni pale tamathali inapovaa sare ya shule na kuingia kwenye insha kama ushahidi. Ndivyo neno "msaliti" linavyoingia pia. Ili mtu asaliti, lazima kuwe na kitu kinachomdai uaminifu. Mangungo alidaiwa na watu wa Msowero, pengine na majirani na washirika wake wa biashara. Hakuwa na deni kwa taifa litakalozaliwa miaka mingi baada yake.

Uleo una sura ya pili, ya kubembeleza, na hiyo huwapita hata walimu. Mwanafunzi akishaonywa asimtukane Mangungo, juma linalofuata anamleta akiwa shujaa: mzalendo aliyewahadaa wazungu, mpinga ukoloni wa kwanza. Matusi yamegeuka sifa, kosa limebaki palepale. Bado anamvalisha nguo za leo, ila safari hii zimepigwa pasi.

Namna yangu ya kusahihisha ni nyepesi. Kwenye kila neno la hukumu naandika pambizoni: "Nani alisema hivi wakati ule?" Swali hili halimzuii mwanafunzi kuhukumu. Linamtuma akatafute hukumu za wakati wenyewe, na kwa kawaida zipo. Kwa mfano, Aprili 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimpelekea Kaisari malalamiko kwamba nchi zile ni zake na kwamba wakuu wale hawakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Huyo ni mtu wa wakati uleule, akisema mikataba haina miguu. Bila shaka Barghash alikuwa anatetea mali yake, na Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilielekeza mizinga Unguja hadi akanyamaza. Shahidi mwenye masilahi bado ni shahidi. Unaandika neno lake, kisha unaandika alikuwa na nini cha kupoteza.

Mwanafunzi yule aliirudisha insha baada ya siku tatu. Sentensi ilikuwa imekuwa ndefu na yenye mikunjo: "Tarehe 29 Novemba 1884, Mangungo wa Msowero aliweka alama kwenye karatasi ya Kijerumani iliyoletwa na Karl Peters, wakala wa chama binafsi; Peters aliihesabu kuwa ni kukabidhiwa nchi, lakini hakuna ushahidi kwamba Mangungo aliielewa hivyo." Haipendezi kama ile ya kwanza. Nikampa alama.

Lakini alikuwa na dukuduku. "Kwa hiyo Mwalimu, hata Peters siruhusiwi kumlaumu? Nitaambiwa ni uleo?"

Nikamwambia akae. Peters alipokuwa kamishna wa dola huko Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake Mabruki mwaka 1891, na mapema mwaka 1892 akamnyonga mwanamke wa Kichaga, Jagodja, aliyekuwa amemweka kinyumba. Mwaka 1896 mbunge August Bebel aliyatoa hayo hadharani katika Bunge la Ujerumani, magazeti ya huko yakayabeba, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters kazi. Walioshtuka na kumhukumu walikuwa Wajerumani wenzake, kwa sheria zao na vipimo vyao, tena wakati yeye mwenyewe yu hai na anajitetea.

Mwanafunzi akachukua kalamu. "Bebel linaandikwaje, Mwalimu? El moja au mbili?"