Safari ya Normal: historia ya mpangilio unaowekwa mara moja

Mwaka 1974, katika maabara ya Xerox mjini Palo Alto, California, Butler Lampson na Charles Simonyi walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Iliendeshwa kwenye Alto, kompyuta ambayo kioo chake kilisimama wima kama ukurasa wa karatasi. Kwa mara ya kwanza, mwandishi aliweza kuona kwenye kioo herufi nzito, herufi za mlalo na fonti za ukubwa tofauti, karibu kama zitakavyotoka kwenye printa.

Anayehangaika leo na ripoti ndefu atanufaika kujua jinsi Bravo ilivyotunza sura hiyo ndani ya faili. Maneno ya aya yalihifadhiwa kwanza, kisha ikafuata alama moja ya siri, na baada yake maelezo ya sura: pambizo, nafasi kati ya mistari, wapi herufi zikolee na wapi zilale. Sura ya aya, kwa hiyo, ilikaa mwishoni mwa aya. Word ilirithi tabia hiyo na haijaiacha. Ukibonyeza Ctrl+Shift+8 utaiona alama ya ¶ mwishoni mwa kila aya, na sura ya aya nzima inabebwa na alama hiyo. Ukiifuta, aya mbili zinaungana na mojawapo inapoteza sura yake. Wengi hudhani kompyuta imewafanyia ukorofi, kumbe wamefuta alama iliyokuwa imebeba mpangilio.

Bravo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ukitaka vichwa vyote vya sura viwe vikubwa zaidi, ilikubidi ukifuate kimoja kimoja. Faili ilijua kwamba mstari huu umekolea na una ukubwa fulani, lakini haikujua kwamba ni kichwa.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa likiiva upande wa pili wa Marekani, Pittsburgh. Pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Brian Reid alitunga mfumo wa Scribe na kuufanya kiini cha tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1980. Aliyeandika kwa Scribe hakutaja fonti. Alitaja aina ya kazi anayoiandika, kisha akazipa sehemu zake majina:

```
@Make(Thesis)
@Chapter(Utangulizi)
```

Sura ya kurasa ilihifadhiwa kwingine, katika mkusanyo wa maelezo ulioandaliwa na mtaalamu. Tasnifu ikihitaji nafasi pana zaidi kati ya mistari, kilichobadilishwa ni maelezo hayo, na maandishi yenyewe hayakuguswa. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, hata kuliko kioo cha Alto. Aya iliacha kubeba sura yake yenyewe. Ikabeba jina tu, na jina likaelekeza mahali pamoja.

Simonyi aliondoka Xerox mwaka 1981 akajiunga na Microsoft, na mwaka 1983 Word ya kwanza ikatoka kwa ajili ya kompyuta za DOS. Katika Word za miaka hiyo, mitindo iliwekwa katika faili lake la pekee, na lile lililofunguka lenyewe kila mara liliitwa `NORMAL.STY`. Kila mtindo ulipewa herufi mbili; mwandishi alishikilia Alt, akabonyeza herufi hizo, na aya ikabadilika. Word ya Windows ilipotoka mwaka 1989, mitindo ikahamia ndani ya kiolezo kilichoitwa `NORMAL.DOT`, na ndani ya kiolezo hicho kukawa na mtindo wenye jina hilohilo, Normal.

Majina hayo mawili yamechanganya watu hadi leo. Faili ni kiolezo: kila hati mpya tupu inazaliwa kutokana nacho. Mtindo ni mzizi wa ukoo: vichwa, tanbihi, maandishi ya juu na chini ya ukurasa, karibu vyote vinarithi kutoka kwake kila kisichoelezwa vinginevyo. Ukibadilisha fonti ya mtindo wa Normal, watoto na wajukuu wake wanabadilika. Ukiyaandika mabadiliko hayo kwenye faili la kiolezo, kila hati utakayoianza kuanzia hapo itazaliwa nayo.

Nguvu hiyo ya faili moja kugusa kila hati ilionekana kwa ubaya mwaka 1995. Kirusi kilichoitwa Concept kilisafiri ndani ya hati za kawaida za Word. Mtu alipofungua hati yenye kirusi, kilijinakili ndani ya `NORMAL.DOT`, na tangu hapo kila hati aliyoihifadhi kwa amri ya Save As ilitoka imeambukizwa. Alama iliyoonekana ilikuwa kidirisha kidogo chenye tarakimu 1 peke yake. Concept hakikufuta kitu, lakini kilionyesha kwamba faili linalotunza fonti yako ya kila siku ndilo pia mlango wa hati zako zote. Mwaka 2007 Microsoft ilitenganisha mambo: hati za `.docx` haziwezi kubeba programu ndogo za ndani, na kiolezo kikaitwa `Normal.dotm`, herufi ya mwisho ikitangaza kwamba chenyewe kinaweza kuzibeba.

Mwaka huohuo wa 2007 ulileta badiliko lililoonekana na kila mtu. Kwa miaka mingi hati mpya ya Word ilikuja na Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Word 2007 ilikuja na Calibri ya ukubwa wa 11, kazi ya Mholanzi Lucas de Groot, ikiwa na nafasi ya mistari ya 1.15 na pointi 10 za nafasi baada ya kila aya. Badiliko hilo liliacha alama hata mahakamani. Nchini Pakistan, mwaka 2017, wachunguzi walitilia shaka hati zilizowasilishwa na familia ya waziri mkuu wa wakati huo, Nawaz Sharif, kwa sababu zilikuwa na tarehe ya Februari 2006 na zimechapwa kwa Calibri, fonti iliyoingia sokoni rasmi Januari 2007. Matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla ya hapo, hivyo ubishi ulikuwa mrefu. Mwaka 2023 Microsoft ilianza kuweka Aptos ya Steve Matteson mahali pa Calibri katika hati mpya.

Maana yake kwa anayeandika ni kwamba kompyuta tatu za ofisi moja zinaweza kuwa na Normal tatu tofauti. Chukua ripoti ya kurasa 140 iliyoandikwa na watu watatu: mmoja ana Word 2003, wa pili Word 2010, wa tatu toleo jipya. Sura zao zikibandikwa katika hati moja, aya ambazo hazikuguswa kwa mkono zinaweza kuchukua sura ya Normal ya hati inayozipokea, kwa sababu jina la mtindo ni lilelile. Hizo hazina shida. Zinazosumbua ni aya ambazo mwandishi alizichagua kwa kipanya akaziwekea fonti moja kwa moja. Hizo hubaki na sura yake hata mtindo ukibadilishwa mara kumi.

Namna ya kuzitambua ni kuweka kishale ndani ya aya na kubonyeza Shift+F1. Upande wa kulia unafunguka ubao wa Reveal Formatting. Ukitia alama kwenye Distinguish style source, utaona kipi kinatoka kwenye mtindo na kipi kimewekwa kwa mkono. Ctrl+Space huondoa sura ya herufi iliyowekwa kwa mkono, na Ctrl+Q huondoa ya aya. Lakini Ctrl+Space haichagui: itafuta pia herufi za mlalo za majina ya vitabu. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, tafuta maandishi yote ya mlalo kwa Ctrl+H na kuyazungushia alama, kwa kuandika `##^&##` kwenye Replace with. Baada ya kusafisha, ondoa sharti la mlalo kwenye Find what kwa No Formatting, washa Use wildcards, tafuta `##(*)##`, na weka `\1` pamoja na sura ya mlalo. Majina ya vitabu yanarudi yalivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo Normal iwekwe sawa. Bofya kwa kitufe cha kulia jina Normal katika orodha ya mitindo, chagua Modify, weka fonti na ukubwa, kisha chagua New documents based on this template. Ukiacha Only in this document kama ilivyo, kazi yako itaishia kwenye hati hiyo peke yake. Hati za zamani hazitabadilika, na ni vizuri hivyo, maana barua ya mwaka jana haipaswi kubadili sura leo.

Hapa ndipo penye kosa la watu makini. Wakijua kwamba Normal ni mzizi, wanaipa kila kitu: nafasi mbili kati ya mistari, mstari wa kwanza kuingia ndani kwa sentimita moja. Dakika chache baadaye majedwali yamevimba na namba za kurasa zimesogea, kwa sababu navyo ni vya ukoo huohuo. Normal ipewe fonti na ukubwa tu. Nafasi na mwingilio viwekwe kwenye mtindo wa Body Text, nao ndio utumike kwa aya za kawaida. Ukibonyeza Ctrl+Shift+S na kuandika jina lake, utaupata. Vichwa navyo huenda visifuate fonti mpya, kwa kuwa tangu 2007 Heading 1 na wenzake huchukua fonti ya vichwa ya mandhari ya hati. Itakubidi uvibadilishe vyenyewe kwa Modify, kila ngazi mara moja.

Kwa anayeandika Kiswahili, jambo moja zaidi limejificha katika mtindo huo, nami nalithamini kuliko fonti. Lugha ya maandishi ni sehemu ya mtindo. Normal ikiwa imesajiliwa kwa Kiingereza, programu itapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la ripoti yako, na kosa halisi la tahajia litazama katika wekundu huo usilione. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Word pia ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Ndani ya dirisha lilelile la Modify, bonyeza Format, kisha Language, chagua Kiswahili, na hifadhi kwenye kiolezo. Unapofunga Word ikakuuliza kama uhifadhi mabadiliko ya `Normal.dotm`, kubali, kama ni wewe uliyeyafanya. Swali hilo likija siku ambayo hukugusa chochote, kataa kwanza, kisha chunguza ni programu gani nyingine iliyoandika humo.