Kunakili Siri: Maana ya Kuhamisha Tarakimu za Ithibati

Mtu mwenye akaunti inayolindwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili anazijua zile tarakimu sita ambazo programu ya simuni huzionyesha kwa nusu dakika, kisha ikazifuta na kuandika nyingine mahali pake. Wengi huziita kodi, wengine msimbo, na siku wanunuapo simu mpya husema wanataka kuzihamisha. Na katika neno hilo la kuhamisha ndimo aghalabu ajali huanzia, kwa kuwa kilichohifadhiwa ndani ya simu si tarakimu, na litakiwalo kufanywa siku hiyo si kuhama. Mimi huziita tarakimu za ithibati, maana kazi yake ni kuthibitisha kwamba ajuaye nywila ndiye pia aishikaye simu, na neno msimbo limekwisha kubebeshwa mizigo mingi mno.

Siku akaunti ilipowekewa hatua ya pili, tovuti ilitunga siri moja ndefu, ikabaki na nakala yake, na nakala ya pili ikaitia ndani ya picha ya QR ambayo simu iliisoma. Laiti macho yetu yangeweza kuisoma picha ile, tungekuta maneno ya namna hii:

```
otpauth://totp/Duka:katibu?secret=JBSWY3DPEHPK3PXP&issuer=Duka
```

Yale yafuatayo neno secret ndiyo siri yenyewe. Kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 2011 katika waraka uitwao RFC 6238, simu huchukua sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, huzigawa kwa 30, na jawabu lile hulichanganya na siri hadi zipatikane tarakimu sita. Tovuti nayo hufanya hesabu hiyo hiyo upande wake, na zikilingana mlango hufunguliwa. Hakuna ujumbe upitao kati ya pande hizo mbili, na kwa hiyo simu isiyo na intaneti wala laini huendelea kutoa tarakimu sahihi. Kwetu, ambako fedha za M-Pesa huifuata laini popote iendako, ni wepesi mtu kudhani kwamba akiichomoa laini na kuitia katika simu mpya kila kitu kimekwenda nayo, ilhali siri hii haimo katika laini hata kidogo.

Neno lifaalo, basi, ni kunakili. Asili yake ya Kiarabu, naqala, ilibeba maana mbili, ya kuondoa kitu mahali na kukipeleka pengine, na ya kunukuu kilichoandikwa. Kiswahili kikashika zaidi ile ya pili, na ndiyo tuitakayo hapa. Siri ikinakiliwa, simu mbili huwa nayo kwa wakati mmoja, na ya kale haipungukiwi na kitu. Maadamu simu hiyo ingali hai, hakuna sababu ya haraka.

Tuseme katibu wa chama cha ushirika ana akaunti kumi na nne katika Google Authenticator. Katika simu ya kale hufungua menyu, hugusa "Transfer accounts" na kisha "Export accounts", huchagua akaunti azitakazo, na kioo humwonyesha picha ya QR. Katika simu mpya hugusa "Import accounts" na kuielekeza kamera kwenye picha ile. Akaunti zikiwa nyingi namna hiyo picha huwa zaidi ya moja, na hapa wapo waisomao ya kwanza, wakaona orodha imejaa katika simu mpya, wakaridhika. Katibu mwenye hadhari huhesabu: kumi na nne huku, kumi na nne kule.

Akishamaliza huziweka simu mbili kando kwa kando na kutazama akaunti moja. Tarakimu zikifanana, na kubadilika pamoja, siri ni ile ile. Zisipofanana, asikimbilie kufuta, bali asubiri kidogo. Kama tarakimu zilizoonekana katika simu moja hutokea katika nyingine baada ya nusu dakika au dakika nzima, siri ni salama na kosa ni la saa, nalo huondoka kwa kuiachia simu ijipangie saa na tarehe yenyewe kutoka kwenye mtandao. Kama hazikutani kamwe, basi huenda simu moja ina siri iliyokwisha kubatilishwa, kwa mfano ya akaunti ambayo iliwahi kusajiliwa upya na maandishi yake ya zamani yakaachwa orodhani.

Hata hivyo kufanana kwa tarakimu ni ithibati ya simu mbili tu. Tovuti bado haijaulizwa. Katibu sharti aingie katika akaunti kwa tarakimu za simu mpya, na afanye hivyo kwa dirisha la faragha la kivinjari, kwa kuwa kompyuta aliyoizoea aghalabu imekwisha kuaminiwa na haimdai hatua ya pili, akapata faraja ya uongo. Dirisha lake la kawaida, ambalo tayari limeingia, aliache wazi, ili jaribio likishindikana awe bado ndani na aweze kwenda kwenye mipangilio ya usalama kurekebisha. Aanze na barua pepe, kwani ndiyo itumiwayo kuzirejesha akaunti nyingine.

Ziko akaunti ambazo njia hii haizifikii. Zile zinazomtumia mtu kitufe cha kukubali badala ya tarakimu zimeifunga idhini kwa simu yenyewe, na baadhi ya programu hazina mlango wa kutolea siri. Kwa hizo huingia tovutini, akathibitisha kwa simu ya kale, kisha akaisajili mpya. Hapo hakuna kunakili tena: tovuti hutunga siri nyingine, na akikwisha kuikubali kwa tarakimu za simu mpya, tarakimu za simu ya kale kwa akaunti hiyo huwa maiti, ingawa kiooni zitaendelea kubadilika kana kwamba zi hai.

Programu hiyo ya Google tangu mwaka 2023 huweza pia kuhifadhi siri katika akaunti ya Google. Ni msaada, lakini ikiwa akaunti hiyo yenyewe hufunguliwa kwa tarakimu zilizohifadhiwa ndani yake, huo ni ufunguo uliofungiwa katika sanduku lake. Dawa yake ni zile namba za akiba ambazo Google hutoa kumi, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu. Ziandikwe karatasini, zisipigwe picha na kuachwa katika simu ile ile iliyo hatarini.

Lililobaki ni kufuta, na ndilo liwafungialo watu nje kuliko yote. Kuondoa programu katika simu hakuiondoi hatua ya pili katika tovuti, ambayo itaendelea kudai tarakimu kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo katibu haifuti simu ya kale mpaka kila akaunti katika zile kumi na nne imefunguka kwa simu mpya, hata ile aitumiayo mara moja kwa mwaka wakati wa kuwasilisha hesabu za chama, ambayo ndiyo rahisi kusahauliwa. Na kabla ya kuiuza simu hiyo, airudishe katika hali ya kiwandani, kwa sababu siri iliyonakiliwa ingali imo, na itatoa tarakimu sahihi kwa yeyote atakayeishika, hata bila laini.