Nanasi na papai katika maziwa

Nanasi na papai katika maziwa ni mchanganyiko ambao, matunda yakiwa hayajapikwa, hugeuka kuwa mchungu na mwepesi baada ya muda. Jambo hilo hutokea katika maziwa, mtindi, aiskrimu ya maziwa na vinywaji vya matunda vinavyotengenezwa kwa maziwa. Sababu yake ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya matunda hayo, ambavyo hukata protini za maziwa vipande vipande. Joto la kupikia huviharibu vimeng'enya hivyo, ndiyo maana nanasi la kopo au papai lililochemshwa halileti uchungu huo.

Neno "bichi" linaweza kupotosha hapa, kwa kuwa kwa Kiswahili hutaja tunda lisiloiva na pia tunda lisilopikwa. Nanasi lililoiva vizuri na kuwa tamu bado huharibu mtindi. Kinachohesabiwa ni kama limepita motoni au la.

## Vimeng'enya vyenyewe

Kimeng'enya cha nanasi huitwa bromelaini. Kimo katika nyama ya tunda, katika kiini kigumu cha katikati na kwa wingi zaidi katika shina la mmea. Kwa hiyo anayesaga nanasi pamoja na kiini chake huongeza nguvu ya kukata protini katika kinywaji chake.

Kimeng'enya kinachojulikana zaidi cha mpapai huitwa papaini, jina lililotolewa mwaka 1879 na watafiti wa Ufaransa. Hicho hukaa hasa katika utomvu mweupe unaotoka ganda la papai changa linapochanjwa. Kadiri papai linavyoiva utomvu hupungua, na papaini pamoja nao. Ndiyo sababu papai bivu huchelewa kuleta uchungu kuliko nanasi. Kuchelewa huko huwadanganya watu: maziwa ya papai yakinywewa mara baada ya kusagwa ni matamu, lakini yakiachwa kwa saa kadhaa hubadilika. Huko Taiwani, ambako maziwa ya papai ni kinywaji maarufu, ni kawaida kuyasaga mteja anaposubiri na kuyanywa papo hapo.

## Kinachotokea ndani ya maziwa

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 33 za protini, na karibu asilimia 80 ya protini hiyo ni kaseini. Kaseini haielei moja moja. Hujikusanya katika vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Juu ya kila kitone kuna aina moja ya kaseini, iitwayo kapa-kaseini, iliyochomoza kama nywele. Nywele hizo huzuia vitone visigusane na kushikana.

Vimeng'enya vya tunda hukata nywele hizo mapema. Vitone vikishapoteza kinga yake hushikana, na maziwa huganda kwa mabonge laini. Kama kazi ingeishia hapo, matokeo yangefanana na hatua ya kwanza ya kutengeneza jibini. Lakini bromelaini na papaini hazichagui. Kimeng'enya cha jibini kinachotoka katika tumbo la ndama hukata kapa-kaseini hasa mahali pamoja, kisha huendelea polepole sana. Vya matunda hukata sehemu nyingi za kaseini zote, na haviishi kwa kazi kama sabuni. Molekuli ileile hukata mnyororo mmoja, ikaachana nao na kushika mwingine. Mabonge yaliyojitokeza huanza kusambaratika, na maji ya maziwa hujitenga.

Katika mtindi mambo huanzia upande mwingine, kwa sababu kaseini yake tayari imeshikana na kuwa kama wavu ulioshika maji. Nyuzi za wavu huo zikikatwa, maji hutoka. Mtindi uliokuwa mzito kiasi cha kusimamisha kijiko huwa wa kumiminika, na hakuna kukoroga kutakakourudisha.

Uchungu hutokana na vipande vinavyobaki. Protini nzima ya maziwa haina ladha kali, kwa sababu ni kubwa mno na sehemu zake nyingi zinazokwepa maji zimefichwa ndani. Ikikatwa, sehemu hizo hubaki wazi katika vipande vifupi viitwavyo peptidi. Peptidi zenye asidi amino zinazokwepa maji, kama vile leusini na fenilalanini, huhisiwa na ulimi kuwa chungu. Kaseini ina sehemu nyingi za namna hiyo kuliko protini nyingi nyingine za chakula, na kwa hiyo maziwa huonyesha uchungu waziwazi.

Uchungu huo si sumu. Tumbo la binadamu nalo hukata protini za maziwa kuwa peptidi kila siku. Tofauti ni kwamba huko hakuna ulimi wa kuzionja. Dhana kwamba nanasi na maziwa kwa pamoja huua haina msingi katika kemia hii. Hata hivyo, mchanganyiko uliokaa saa nyingi nje ya friji unaweza kuwa umeharibika kwa sababu ya bakteria, na hilo ni jambo jingine.

## Tofauti na kuganda kwa asidi

Nanasi lina kitu kingine kinachoathiri maziwa: ukali wake. Maji ya nanasi huwa na pH ya kati ya 3 na 4 hivi, na kaseini huganda pH inapofika karibu na 4.6. Kwa hiyo maziwa matamu yakimwagiwa maji mengi ya nanasi huweza kukatika palepale, kama yanavyokatika kwa limau au pasheni.

Mambo haya mawili hutofautishwa kwa muda na ladha. Asidi hufanya kazi mara moja, mabonge yake hubaki, na ladha ni chachu tu. Vimeng'enya huhitaji muda, mabonge yake hulegea, na ladha huwa chungu. Papai ndilo mfano safi zaidi, kwa kuwa lina asidi kidogo: likibadilisha maziwa, kazi hiyo haiwezi kusingiziwa asidi.

Jelatini hutoa kipimo kingine rahisi, kwa sababu nayo ni protini. Jeli iliyotengenezwa kwa jelatini na kuwekewa vipande vya nanasi lisilopikwa haishiki, ilhali ile yenye nanasi la kopo hushika. Agaa, inayotokana na mwani, si protini, na hushika bila kujali aina ya nanasi.

## Jinsi kupika kunavyozuia

Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloshika na kukata protini nyingine. Joto hulifumua, kama linavyobadilisha ute wa yai kuwa mweupe na mgumu. Kikishafumuka vya kutosha, kimeng'enya hakirudi kazini hata kikipoa.

Tatizo ni kwamba kabla ya kukiharibu, joto hukichochea. Bromelaini hufanya kazi kwa kasi zaidi katika nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kulipasha nanasi hadi livuguvugu, au kuliweka katika maziwa ya moto yasiyochemka, ni kukipa kimeng'enya mazingira kinayoyapenda. Bromelaini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ikikaa dakika kadhaa katika nyuzi 80. Papaini ni sugu zaidi na huhitaji kuchemshwa kwa muda mrefu kidogo.

Kwa mfano, kwa nusu lita ya mtindi hutumiwa gramu 200 za nanasi. Tunda hukatwa vipande vya sentimita moja, kwa sababu kipande kikubwa huweza kuchemka nje huku katikati pakiwa na uvuguvugu tu. Vipande huwekwa katika sufuria pamoja na maji yake yote yaliyotoka wakati wa kukata. Maji hayo yana bromelaini pia, na yakimwagwa katika mtindi bila kupikwa yataharibu kazi yote. Sufuria hufunikwa na kuwekwa motoni. Muda huhesabiwa kuanzia vipande vinapochemka, si sufuria inapowekwa jikoni: dakika 5 hutosha kwa vipande vya ukubwa huo, na kwa papai ni salama kufikisha 10. Jijini Nairobi maji huchemka katika nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na joto hilo bado linatosha. Kisha tunda huachwa lipoe kabisa, kwa kuwa tunda la moto lenye asidi huweza kuufanya mtindi kuwa na chembechembe.

Ili kujua kama tunda limeiva motoni vya kutosha, vijiko viwili vya tunda lililopoa huchanganywa na vijiko vichache vya mtindi, na bakuli huachwa katika friji hadi kesho yake. Bakuli la pili lenye tunda lisilopikwa huwekwa kando yake kwa kulinganisha. Maji machache kutoka kwenye tunda lililopikwa ni kawaida. Uchungu si kawaida, na ukionekana maana yake ni kwamba kuna vipande ambavyo havikufikiwa na joto.

Kupika hakuondoi asidi. Nanasi lililochemshwa bado linaweza kukata maziwa matamu, ila hayatakuwa machungu. Katika mtindi, ambao tayari ni mchachu, tatizo hilo karibu halipo.

## Njia nyingine na mipaka yake

Friji hupunguza kasi ya vimeng'enya bila kuvisimamisha. Kugandisha katika barafu hakuviharibu. Nanasi lililogandishwa bila kupikwa huanza kazi tena likiyeyuka. Nanasi la kopo halina tatizo hilo, kwa kuwa hupashwa joto kali kiwandani baada ya kufungwa. Maji ya nanasi yaliyokamuliwa na kuuzwa bila kupashwa joto ni sawa na tunda lisilopikwa. Asiyetaka kupika anaweza kuchanganya tunda na mtindi wakati wa kula tu.

Maziwa yaliyokwisha kuwa machungu hayaponi. Kuyachemsha husimamisha ukataji, lakini peptidi zilizokwisha kutokea hubaki, na sukari huzifunika kwa kiasi tu.

## Matumizi ya ukataji huohuo

Kinachoharibu mtindi hutafutwa kwa makusudi penye nyama. Katika pwani ya Afrika Mashariki papai changa hupondwa na kupakwa kwenye nyama ya mishikaki ili iwe laini, na kwa kazi hiyo utomvu mwingi wa papai changa ni faida. Hapa pia muda ni muhimu: nyama iliyoachwa humo kupita kiasi huwa kama uji juu huku ndani ikiwa bado ngumu, kwa sababu papaini haipenyi mbali. Utomvu uliokaushwa wa papai uliwahi kuwa bidhaa ya kuuzwa nje kutoka Tanganyika, Uganda na Kongo, ukitumika viwandani kulainisha nyama na kuondoa ukungu wa protini katika bia iliyopozwa.