Kidakuzi: kilivyozaliwa mwaka 1994, na kinachopotea ukikifuta

Simu ya dada yangu mkubwa ilikuwa imejaa. Anauza vitenge Kariakoo, na kila mzigo mpya ukifika huupiga picha na kuuweka kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii, anaoufungua kwa kivinjari kwa sababu simu yake haina nafasi ya programu nyingi. Kijana wa jirani alimwambia simu ina takataka nyingi, akaishika, akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akachagua `All time`, akaweka tiki kila kisanduku na kufuta. Kazi ya nusu dakika.

Jioni dada alipotaka kuweka picha alikuta ukurasa wa kuingia. Nywila haikumbuki, ilikuwa ikijijaza yenyewe miaka yote. Alipobonyeza kuwa ameisahau, mtandao ukasema utatuma namba ya uthibitisho kwenye laini aliyojisajili nayo, laini aliyoacha kuitumia zamani na ambayo sasa ina mwenyewe mwingine. Chini yake kulikuwa na ushauri: jaribu tena ukitumia simu uliyowahi kuingia nayo. "Mdogo wangu," akaniambia, "simu yenyewe si ndiyo hii hapa mkononi?"

Swali lake ndilo lililonirudisha nyuma miaka zaidi ya thelathini. Nimeegemea maelezo ya watu wawili waliokuwepo: Lou Montulli, aliyebuni kidakuzi na kuandika mwaka 2013 sababu za kukibuni, na David Kristol, mhandisi aliyepigania kanuni zake na kusimulia mapambano hayo katika makala ya mwaka 2001.

Mtandao wa mwanzo haukuwa na kumbukumbu. Kila ukibonyeza kiungo, kompyuta ya upande wa pili ilikuhudumia kama mteja ambaye haijapata kumwona, hata kama ulikuwa hapo sekunde mbili zilizopita. Mwaka 1994 Montulli alikuwa mhandisi wa kampuni changa ya Netscape, na mteja wao MCI alitaka duka la mtandaoni lenye kikapu cha bidhaa, lakini hakutaka kompyuta zake zibebe vikapu vya watu ambao hawajamaliza kununua. Kikapu kikae wapi, basi? Montulli akaamua kikae kwa mteja mwenyewe. Tovuti inakupa kikaratasi chenye alama, kivinjari chako kinakitunza, na kila unaporudi kinakionyesha. Kivinjari cha kwanza chenye uwezo huo kilitolewa Oktoba 13, 1994.

Njia rahisi zaidi ingekuwa kukipa kila kivinjari namba moja ya kudumu, ionekane na tovuti zote. Montulli aliikataa, kwa kuwa ingemwezesha yeyote kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Kidakuzi chake hurudishwa kwa tovuti iliyokitoa tu. Hadi leo kinasafiri kwa mstari unaofanana na huu:

```
Set-Cookie: session=9f3c71; Max-Age=7776000; Secure; HttpOnly
```

Namba ndefu hiyo ni sekunde, sawa na siku 90. Hapo hamna nywila. Kilichopo ni alama tu, na mtandao ukiiona unaangalia daftari lake: alama hii tulimpa nani? Ukipata jina, unafungua mlango. Ndiyo maana dada yangu aliweza kukaa miaka bila kuulizwa nywila, na ndiyo maana mtu akiiba alama hiyo anaingia bila kuijua nywila yenyewe.

Wenye matangazo waligundua upenyo mapema. Tangazo moja likiwekwa kwenye tovuti mia, mwenye tangazo anaweza kutoa kidakuzi chake kupitia zote mia. Watu wengi hawakujua kuwa vidakuzi vipo mpaka gazeti la Financial Times lilipoandika, Februari 1996. Kristol na wenzake walitoa kanuni Februari 1997 iliyotaka vivinjari vikatae vidakuzi vya namna hiyo mpaka mtumiaji aruhusu mwenyewe. Netscape na Microsoft hawakuifuata. Hoja ya Montulli ilikuwa kwamba wenye matangazo wakizuiwa hapo watatafuta njia nyingine iliyofichika, wakati kidakuzi angalau mtu anakiona na anaweza kukifuta. Uwezo wa kufuta ndio uliokuwa jibu lake kwa malalamiko. Jibu hilo lilimwachia mtumiaji kazi yote, na mtumiaji hakufundishwa.

Lakini kisa kinachomjibu dada yangu kilitokea Ubelgiji, mwaka 2015.

Tume ya faragha ya nchi hiyo iliishtaki Facebook kwa sababu ya kidakuzi kimoja kiitwacho `datr`. Facebook ina vidakuzi kadhaa. `c_user` hubeba namba ya akaunti yako na `xs` hubeba alama ya siri ya kikao. Hivyo viwili ndivyo vinavyokufanya uwe ndani. `datr` ni kitu kingine. Hicho hakisemi wewe ni nani, kinatambulisha kivinjari chenyewe, na kiliwekewa umri wa miaka miwili. Watafiti walioifanyia kazi tume walionyesha kwamba hata mtu asiye na akaunti, akifungua ukurasa mmoja tu wa wazi wa Facebook, huondoka nacho, na baadaye kila akipita kwenye tovuti yenye kitufe cha `Like`, Facebook hukiona.

Facebook walijitetea kwa hoja ya usalama. Alex Stamos, aliyekuwa mkuu wao wa usalama, alieleza kwamba kidakuzi hicho kilikuwa kikitumika kwa zaidi ya miaka mitano kutofautisha wageni wa kweli na mashine zinazofungua akaunti bandia au kujaribu kuteka akaunti za watu. Kivinjari chenye historia ya matumizi ya kawaida huaminiwa. Kisicho na historia hutiliwa shaka. Kidakuzi hicho kikiondolewa, alisema, kampuni italazimika kuwaona wageni kutoka Ubelgiji kuwa si wa kuaminika na kuwadai uthibitisho zaidi.

Novemba 9, 2015 mahakama ya Brussels ikaipa kampuni saa 48 kuacha kuwafuatilia wasio na akaunti, la sivyo ilipe euro 250,000 kwa kila siku. Facebook wakatii kwa namna yao: Wabelgiji wasioingia kwa akaunti wakafungiwa hata kurasa za wazi. Kisha wakakata rufaa, na miongoni mwa hoja zao ilikuwepo hii: hukumu imetumia maneno ya Kiingereza, kama lile la kidakuzi na lile la kivinjari, ilhali sheria ya Ubelgiji inataka hukumu iandikwe kwa lugha ya nchi. Juni 2016 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi kwa sababu nyingine, kwamba haikuwa na mamlaka juu ya kampuni ambayo makao yake ya Ulaya yako Ireland. Kesi iliendelea kwa miaka mingine, lakini upande wa uthibitisho ulikwisha kusemwa mbele ya hakimu: mitandao haikutambui kwa nywila peke yake, inakitambua na kivinjari chako.

Sasa rudi Kariakoo. Tiki za kijana yule zilifuta kumbukumbu tatu zisizohusiana. Alama ya kikao ilikwenda, na hilo ni dogo, maana mwenye nywila huingia tena. Nywila iliyohifadhiwa na maelezo ya kujijaza vikaenda pia, na hapo ndipo mahali pekee nywila ilipokuwa. Ya tatu hakuna aliyeifikiria: alama ya kivinjari. Mtandao uliposema atumie simu aliyowahi kuingia nayo, ulimaanisha kivinjari chenye alama hiyo, na simu iliyokuwa mkononi mwake haikuwa nayo tena. Kwa macho ya mtandao, ni mgeni aliyeshika simu mpya, hana nywila, hana laini, anadai akaunti ya mtu. Mwizi naye huja hivyohivyo.

Linaloniuma ni kwamba nafasi aliyoitafuta haikuwa kwenye vidakuzi. Kidakuzi kimoja hakizidi kilobaiti 4 hivi, hata vikiwa mia tano havizidi sana ukubwa wa picha moja ya kitenge. Kinachojaza kivinjari ni nakala za picha na faili, ambazo Chrome huziita `Cached images and files`. Ukifuta hizo peke yake unapata nafasi na hutolewi kwenye akaunti yoyote. Na kama shida ni tovuti moja inayogoma kufunguka, hakuna haja ya kufagia zote: ingia `Settings`, kisha `Site settings`, kisha `All sites`, uichague hiyo moja na kufuta data yake. Utatolewa hapo tu.

Kisanduku cha nywila kina hatari yake. Vidakuzi hufutwa kwenye simu hiyo tu, lakini nywila na maelezo ya kujijaza, kama umeviunganisha na akaunti yako ya Google, ukivifuta kwenye simu vinafutika pia kwenye kompyuta na simu nyingine zilizounganishwa. Chrome haiweki tiki kwenye visanduku hivyo yenyewe. Kijana alivitafuta.

Upo pia upande wa pili, ambao mafundi wetu wa simu hawausemi. Anayeuza simu yake na kufuta vidakuzi anadhani amefunga akaunti. Amejinyang'anya ufunguo tu. Kwenye daftari la mtandao kikao kile bado kiko hai, na kama kuna mtu aliyeinakili alama kabla haijafutwa, itaendelea kumfungulia. Anayetaka kufunga kweli abonyeze kitufe cha kutoka, au aende kwenye orodha ya vifaa ndani ya akaunti na kukitoa kile asichokitaka. Hapo alama inakufa kwenye daftari lenyewe.

Miaka ya karibuni vita vimebaki vya wakubwa. Safari ilizuia vidakuzi vya matangazo mwaka 2020. Mwaka huohuo Google iliahidi kuja kufanya hivyo, kisha ikaghairi. Kwa mwenye simu moja na kumbukumbu ndogo, kilichobadilika ni majina ya vitufe. Sijaona bado darasa, kituo cha huduma wala kibanda cha fundi panapoulizwa swali la lazima kabla ya kufuta: nywila yako unaijua, na laini uliyojisajili nayo unayo?

Muulize hivyo mama yako kabla hujamsafishia simu. Kama jibu ni hapana, mwingize kwanza kwenye akaunti yake, mbadilishie namba ya simu iwe ya laini anayoitumia, mwandikie nywila kwenye daftari la nyumbani. Hayo hufanyika tu akiwa bado ndani.

Dada yangu amefungua ukurasa mpya. Ule wa zamani bado upo, una picha za mzigo wa miaka sita, na wateja bado wanauliza bei chini ya picha. Hakuna wa kuwajibu.