Kauli ya Uyole Ikisimuliwa Iringa: Juu ya Kuandaa Somo la Kauli Taarifa

Mwalimu wa Kiswahili aliyezoea kufundisha kauli taarifa kwa jedwali, upande huu "leo" na upande ule "siku hiyo", hapa "nita-" na pale "ange-", aghalabu hupata darasa lililofaulu zoezi na kushindwa insha. Kwani mwanafunzi yule yule aliyegeuza sentensi kumi mbalimbali bila ya kukosea, akipewa mazungumzo ya watu wawili ayasimulie, humwandikia mwalimu wake ukurasa mzima wa "alisema kwamba" na "akasema kwamba", na msomaji afikapo mwisho hajui ni nani aliyekubali nini. Taksiri hii si ya mwanafunzi. Jedwali limemfundisha kubadili maneno, hali ya kuwa kinachoamua maneno hayo yabadilike au yasibadilike ni mambo mawili yasiyoonekana katika jedwali: kusudi la yule aliyesema, na mahali aliposimama yule anayesimulia.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba somo hili liandaliwe kwa mazungumzo mazima wala si kwa sentensi moja moja, na kwamba kabla ya kalamu kugusa karatasi wanafunzi wayapange maneno ya mazungumzo hayo katika mafungu, mara mbili, kwa mizani mbili tafauti. Nitaieleza kwa mfano mmoja nilioutumia na kidato cha pili, Mbeya na kisha Iringa, katika vipindi viwili mfululizo vya dakika 40.

Mfano wenyewe ni wa sokoni. Nimeuweka Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Iringa na Dar es Salaam, kwa sababu hapana mtoto wa Mbeya asiyejua jinsi viazi mviringo vinavyouzwa, wala asiyejua lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kichwa juu ya mdomo wake hata likapita kipimo. Mnunuzi ametoka na lori. Mwenye viazi ni mama mtu mzima. Mazungumzo yao niliyakata vipande 14, kila kipande katika kikadi chake cha manila, na kila kikadi kina herufi ya msemaji wake pembeni (bila ya herufi hiyo robo saa hupotea katika kubishana nani kasema nini):

"Shikamoo, mama."
"Marahaba."
"Viazi hivi umevichimba lini?"
"Nimevichimba jana."
"Gunia unauza kiasi gani?"
"Elfu sabini."
"Ala!"
"Nijazie lumbesa basi."
"Siuzi lumbesa mimi."
"Kama hutaki, wapo wengine."
"Nipunguzie, mama, nitachukua gunia kumi."
"Njoo kesho asubuhi hapa hapa, nitakupa kwa elfu sitini na tano."
"Ndaga, mama."
"Nitakuja."

Darasa la wanafunzi 48 hugawanyika makundi manane ya watu sita, basi vikadi vinavyotakiwa ni 112, kazi ya jioni moja kwa mwalimu mwenye mkasi. Dakika kumi za utangulizi wanafunzi wawili husimama wakayasema mazungumzo hayo kwa sauti, na mnunuzi akisema "Ala!" aseme kwa mshangao wa kweli, si kwa sauti ya kusoma, maana sauti ile ni sehemu ya kusudi, na kusudi ndilo litakalopangwa.

Mpango wa kwanza una mafungu manne: maelezo, maswali, amri pamoja na maombi, na fungu la nne nililoliita adabu na mihemko. Maswali ni mawili, nayo hayana ugomvi, kwa kuwa kiulizi hubakia mahali pake na alama ya kuuliza huondoka: alimwuliza viazi vile alivichimba lini. Amri na maombi ni vikadi vitatu, na hapa mwalimu hana haja ya kusema mengi, illa kuonyesha kwamba "nijazie" huwa "amjazie" na "njoo" huchukua kiishio cha -e, na kwamba kitenzi cha mbele ndicho kinachopambanua mwenye kuamuru na mwenye kusihi. Ugomvi huanzia kwenye kikadi cha "Kama hutaki, wapo wengine." Kwa umbo ni maelezo; kwa kusudi ni kumfukuza mtu kwa adabu. Kundi moja lilikiweka katika maelezo, la pili katika amri, la tatu likakishika mkononi hata muda ukaisha. Sikuwaamulia. Niliwauliza tu watakiandikaje, na kijana mmoja akajibu, "Tutaandika kwamba alimwonyesha mlango, mwalimu, ila sokoni hakuna mlango." Darasa lilicheka, lakini lilikuwa limekwisha kufahamu kwamba kitenzi cha kusimulia hutoka katika kusudi.

Fungu la nne ndilo lenye faida kubwa kupita yote, na katika vitabu vya mazoezi aghalabu halimo, kwa sababu sentensi za mazoezi hazisalimiani. Vikadi vyake ni vinne: Shikamoo, Marahaba, Ala, Ndaga. Mwanafunzi aliyelelewa na jedwali huandika "alimwambia kwamba shikamoo mama", na jambo hilo halisemeki. Akikiona kikadi hicho peke yake, mbali na maelezo, hugundua kwamba maneno haya hayahamishwi, bali hutajwa kwa jina la kitendo chake: alimwamkia, akaitikia, alistaajabu, akashukuru. Katika Mbeya palizuka swali zuri zaidi. "Ndaga" ni shukrani ya Kinyakyusa, na mnunuzi mgeni ameisema kusudi, ili ampendeze mwenye mali; je, ukiandika "akamshukuru" basi, hukumpunja msomaji? Wanafunzi waliafikiana waandike "akamshukuru kwa Kinyakyusa". Huko Iringa, ambako salamu ya "kamwene" husikika kila asubuhi, kundi moja lilinijia likitaka kuibadilisha Shikamoo kwa Kamwene. Nikawakatalia kwa hoja kwamba msimulizi hana ruhusa ya kubadili alichosema mtu, ana ruhusa ya kukitaja kwa maneno yake tu.

Mpango wa pili huchukua vikadi vile vile, lakini sasa vinapangwa kwa kulizingatia neno linalotegemea mahali na wakati: "hivi", "jana", "kesho", "hapa hapa", "njoo", "nitakuja", na viambishi vya nafsi vyote. Hapo ndipo ninapoligawa darasa nusu kwa nusu. Makundi manne ni jirani wa yule mama, wanaosimulia jioni ile ile wakiwa pale pale Uyole. Makundi manne mengine ni utingo wa lori, anayesimulia baada ya juma moja, lori limesimama Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kila kundi liweke kando vikadi ambavyo kwake vitabadilika.

Matokeo yake huwashangaza wanafunzi, na yaliwahi kunishangaza mimi nilipoyaandaa mara ya kwanza. Kwa jirani wa Uyole, "kesho" inabaki "kesho", "hapa hapa" inabaki "hapa hapa", na hata "njoo" inabaki katika kitenzi chake, "amemwambia aje kesho asubuhi hapa hapa". Kwa utingo wa Ipogolo kila kimoja kimeondoka: "alimwambia arudi kule kule asubuhi ya siku ya pili yake". Akiandika "aje", basi amemleta mnunuzi Iringa, na viazi havimo. Kwa hiyo jedwali lisemalo kwamba "kesho" huwa "siku iliyofuata" lina ukweli wa Ipogolo na uongo wa Uyole, na mwanafunzi aliyelikariri hana njia ya kujua yuko wapi.

Juu ya "nita-" kuna khitilafu ambayo yafaa mwalimu aikabili waziwazi. Vitabu vingi vya mazoezi humtaka mwanafunzi aigeuze daima kuwa "ange-", na nadhani kawaida hii imefuata sarufi ya Kiingereza, ambamo kitenzi cha kauli taarifa hurudi nyuma kulingana na kitenzi cha kusema. Katika masikio yangu "alisema angempa kwa elfu sitini na tano" huacha shaka kwamba hakumpa, kwa kuwa -nge- ni kiambishi cha lau na laiti. Na "alisema atampa" ni Kiswahili safi hata baada ya juma moja. Hata hivyo mtihani una wasahihishaji wake, na si haki kumpeleka mtoto vitani bila ya kumwambia adui yuko upande gani. Nawaambia wanafunzi hukumu zote mbili, kisha nawaonyesha njia ya tatu inayoepuka ugomvi: "akaahidi kumpa", "akaahidi kurudi". Kitenzi chenye kusudi ndani yake hakihitaji wakati ujao baada yake, na kwa hivyo mpango wa kwanza unalipa faida katika mpango wa pili.

Mipango yote miwili, pamoja na mabishano yake, imekula dakika 30. Zinabaki 30 za kuandika na kumi za kusomeana. Kila kundi huandika aya moja, si sentensi 14. Hii hapa ni ya kundi moja la Ipogolo, nimeinyoosha kidogo tu:

"Mnunuzi alimwamkia yule mama, akamwuliza viazi vile alivichimba lini. Mama aliitikia, akamweleza kuwa alikuwa amevichimba siku iliyotangulia, na kwamba gunia moja ni shilingi elfu sabini. Mnunuzi alistaajabia bei ile, akataka ajaziwe lumbesa; mama akakataa, akamwambia kama hataki wauzaji wengine wapo. Alipoona hivyo mnunuzi alimsihi ampunguzie, akaahidi kuchukua gunia kumi. Ndipo mama alipomwambia arudi kule kule asubuhi ya siku ya pili yake, naye atampa kwa elfu sitini na tano. Mnunuzi akamshukuru kwa Kinyakyusa, akaahidi kurudi."

Msomaji aangalie kwamba "alisema" haimo hata mara moja, na kwamba uzi wa aya umeshikwa na -ka-, kiambishi ambacho jedwali halikitaji kabisa ijapokuwa ndicho kinachoyatoa maneno katika mfuatano wa majibizano na kuyatia katika mfuatano wa matukio. Kipimo changu cha kusahihisha ni chepesi: nahesabu "alisema", kisha natafuta "hapa" au "kesho" iliyosahauliwa katika aya za Ipogolo, kisha nasoma kila "alimwambia atampa" nikijiuliza ni nani kwa nani. Kosa hili la mwisho ndilo sugu, kwani mimi na wewe tukisha kugeuka yeye na yeye, a- na -m- hazitoshi kutupambanua. Dawa yake ni kumrudisha "mama" au "mnunuzi" kwa jina kila zamu inapobadilika.

Somo hili lina mpaka wake. Darasa likizidi wanafunzi 60, watu wanane kwa kundi moja, wawili hupanga na sita hutazama, na hapo ni heri kukata vipande katika daftari kuukuu ili kila wawili wawe na vyao. Tena mwalimu asiyelikata shauri la kikadi cha "wapo wengine" kabla ya dakika ya arobaini hatapata muda wa kuandika. Ama vikadi vyenyewe huingia katika bahasha nane, na mwaka wa pili hakuna kinachohitaji kuandikwa upya ila bei ya gunia.