Balungi, mitishamba na dawa
Baadhi ya vyakula na mitishamba hubadilisha kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu. Juisi ya balungi huzuia kimeng'enya CYP3A4 cha utumbo, kinachovunja dawa nyingi; hivyo simvastatini, dawa ya kolesteroli, huzidi mwilini na huweza kudhuru misuli. Kuachanisha juisi na dawa kwa saa chache hakutoshi, kwani athari yake huweza kupita siku moja.

Mmea wa Mtakatifu Yohana, unaonywewa pia kama chai, hufanya kinyume: huongeza kimeng'enya hicho. Katika utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya, Bethesda, karibu na Washington, uliochapishwa mwaka 2000, watu 8 wenye afya walitumia vidonge vya mmea huo kwa siku 14. Kiwango cha indinaviri, dawa ya VVU, kilishuka kwa 57% katika damu. Kwa mgonjwa, upungufu kama huo huweza kuzalisha virusi sugu.